Picha ya Bi Harusi Niliyoiposti Bila Kuuliza

Juzi msichana anayejifunza kupaka hina aliniandikia: “Dada, bi harusi niliyempaka amenitumia mwenyewe picha ya mikono yake WhatsApp, akaweka na mioyo mitatu. Si ndiyo ruhusa hiyo? Naweza kuiposti?” Nikamwambia asiiposti kwanza. Halafu nikaona nina deni la kumweleza sababu, kwa kuwa swali hilo nililijibu vibaya mimi mwenyewe Desemba 2022, na nikapoteza nyumba nzima ya wateja hapa Mombasa.

Kazi yetu ina jambo lake. Hina ikibanduliwa mkononi, rangi huwa ya machungwa tu. Hukolea polepole, na uzuri wake huonekana siku ya pili, mteja yuko kwao zamani. Kwa hiyo picha inayoonyesha kazi yako vizuri karibu kila mara hupigwa na mtu mwingine, ndani ya chumba usichokijua, nawe unaletewa kama shukrani.

Ndivyo nilivyoletewa ile. Mikono miwili juu ya leso, maua ya hina yamekolea hadi wekundu wa damu ya mzee, mistari ya piko imenyooka mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nimekaa saa tano kwenye mikono hiyo. Usiku huohuo nikaiweka Instagram na kwenye Status, na chini yake nikaandika jina la bi harusi, jina la bwana harusi, na “Picha na” kisha jina la biashara yangu.

Saa moja asubuhi akanipigia mamake. Hakupaza sauti. Alisema, “Mwanangu, sisi tulikuingiza ndani kama mtoto wetu. Umemtoa dadangu nje kichwa wazi.” Sikumwelewa mpaka nilipoikuza picha. Nyuma ya mikono kulikuwa na kabati la nguo lenye kioo, na ndani ya kioo amesimama mama mtu mzima, leso kifuani, nywele wazi. Mimi nilikuwa nimetazama vidole tu.

Nikaifuta papo hapo, lakini skrinshoti ilikuwa imeshafika kwenye kundi la ukoo wa bwana harusi. Alasiri nikaenda na mamangu kuomba radhi. Tulipokewa, tukapewa chai, tukasamehewa. Tangu hapo wameolewa mabinti watatu katika nyumba ile na sikuitwa hata mara moja. Nikipita mtaani kwao bado natazama chini.

Kuna na dogo lililoniuma baadaye. Ile picha aliipiga mdogo wake bi harusi, binti mwenye jicho zuri la mwanga, nami nikaandika kwamba ni yangu.

Sasa, dada yangu, sikiliza ninavyofanya siku hizi.

Siombi ruhusa mteja akiwa bado ana hina mbichi mikononi. Hawezi kusimama, hawezi kushika simu, na anakutegemea umalizie. Mtu wa namna hiyo atakwambia “sawa” ili mambo yaishe. Nasubiri harusi ipite, siku nne au tano, ndipo namwandikia. Wala siombi kwa maneno ya “naomba kuposti kazi yako.” Namtumia picha yenyewe ikiwa imeshakatwa kama itakavyoonekana, pamoja na maandishi yatakayokaa chini yake, neno kwa neno. Ujumbe wangu huwa hivi:

“Assalamu alaykum dada, hongera tena. Naomba ruhusa yako niiweke picha hii kwenye Instagram na Status ya biashara yangu. Haitakwenda kwingine wala sitaitia kwenye tangazo la kulipia bila kukuuliza upya. Maandishi nimekuwekea hapo chini. Je, umeridhika nayo? Jina lako nilitaje au nisilitaje? Nani aliipiga? Ukikataa hakuna neno, na ukibadili nia siku yoyote niambie nitaitoa.”

Kabla ya kuutuma naikuza picha na kuipitia pembe zote: kioo, dirisha, skrini ya televisheni, picha za familia ukutani, kadi ya mwaliko yenye nambari ya simu. Akionekana mtu wa pili, naye huulizwa au hukatwa. Akiwa mtoto, anaulizwa mzazi wake. Picha za ndani ya kupamba, pale wanawake wamejiachia kwa kuwa hakuna mwanamume, siziombi kabisa. Bi harusi hana uwezo wa kuwaruhusia wageni wake wote.

Asipojibu, basi hajaruhusu. Moyo na kidole gumba navyo sivihesabu. Nangoja “ndiyo, iweke”, kisha naihifadhi skrinshoti ya jibu hilo pamoja na picha. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, mwenye biashara ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alipewa idhini, na aliyeidhinisha anaweza kuiondoa idhini yake wakati wowote. Msidhani ni maneno ya karatasini. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizotolewa bila idhini ya wazazi.

Kuhusu maandishi ya chini ya picha, wengi wetu tunayachanganya. “Picha na” fulani maana yake ndiye aliyeipiga. “Picha kwa hisani ya” fulani maana yake ndiye aliyekupa uitumie. Ukiandika “picha ya” fulani, msomaji hajui kama yeye ndiye aliyepiga, aliyepigwa au mwenye mali. Kwa hiyo siku ile ilinipasa niandike: “Hina na piko: (jina la biashara yangu). Picha na mdogo wake bi harusi, kwa hisani na ruhusa ya bi harusi.” Jina la bwana harusi halikuwa na kazi hapo hata kidogo, yeye sikumpaka hina. Na kama picha imepigwa na mpiga picha wa harusi, muombe naye, umtaje kwa akaunti yake kama anavyoiandika mwenyewe, na usiikate alama yake wala kuitia rangi za simu.

Kutagi ni ruhusa nyingine. Ukimtagi mteja, watu wanaingia moja kwa moja kwenye akaunti yake, na wapo waliojiweka kwa jina ambalo ukweni hawalijui. Wala usimtie maneno kinywani. Usiandike “mteja wetu amefurahi mno” ikiwa alichosema ni “asante.” Andika asante yake, tena kama amekuruhusu kuinukuu.

Yule msichana aliufuata ujumbe huo, akaubadilisha maneno mawili matatu. Bi harusi akamjibu siku ya tatu: ruhusa ipo, lakini picha ikatwe kwenye kifundo cha mkono, bangili zisionekane, na jina lisitajwe. Jana nimeiona. Vidole kumi juu ya leso ya manjano, na chini yake: “Hina ya bi harusi wa mwezi huu. Picha na shangazi yake. Imewekwa kwa ruhusa yao wote wawili.”