Skrinishoti haigeuki kuwa vekta

Swali: Grafu iliyo ukurasa wa 7 wa makala ya PDF inasomeka vizuri, lakini nikiipiga skrinishoti na kuibandika kwenye tasnifu yangu ya Word inatoka na ukungu. Nimeipitisha kwenye tovuti ya kubadili PNG kuwa SVG, hali ni ile ile. Nifanyeje?

Jibu: Achana na hiyo tovuti. Grafu ya safu moja ina upana wa kama sentimita 8.5. Ukiipiga kwenye skrini ya pikseli 96 kwa inchi unapata pikseli zipatazo 320 tu. Ukiivuta ifike sentimita 16, kila inchi inabaki na pikseli kama 51. Taarifa nyingine zote zilibaki ndani ya PDF, na hakuna tovuti inayoweza kuzirudisha kutoka kwenye PNG.

Rudi kwenye PDF yenyewe. Sakinisha Poppler, zana za PDF zinazoendeshwa kwa amri kwenye terminali, na Inkscape, programu ya kuhariri SVG, kisha anza kwa kuuliza kama ukurasa huo una picha za pikseli:

```
pdfimages -list -f 7 -l 7 makala.pdf
```

Orodha ikitoka na vichwa vya safu tu bila picha, grafu yako ni vekta, yaani imechorwa kwa mistari na maumbo badala ya pikseli. Toa ukurasa mzima:

```
pdftocairo -svg -f 7 -l 7 makala.pdf uk7.svg
```

Fungua `uk7.svg` kwa Inkscape, bonyeza Ctrl+Shift+G mara mbili tatu hadi vipande viachane, zungushia grafu kwa kipanya, geuza uteuzi kwa alama ya `!`, kisha futa maandishi yote yaliyobaki. Usiishie kukata kingo tu: kukata huficha maandishi, hakuyaondoi. Chagua grafu yote, bonyeza Ctrl+Shift+R ili ukurasa uibane, hifadhi kama Plain SVG na uiingize Word kama picha nyingine yoyote. Matoleo mapya yanaipokea.

Kwa njia hii herufi zinakuwa maumbo, kwa hiyo huwezi kuhariri maneno. Ni hasara ndogo. Ukiifungua PDF moja kwa moja ndani ya Inkscape bila kuwa na fonti zake, alama ya kutoa au µ inaweza kugeuka kisanduku, na msomaji akasoma 5 mahali palipokuwa −5.

Orodha ikionyesha picha, huenda mwandishi mwenyewe alibandika pikseli. Hapo vekta haipo. Toa pikseli zake halisi kwa `pdfimages -png -f 7 -l 7 makala.pdf picha`, maana hata hizo kwa kawaida zinaishinda skrinishoti.

Wanaouza "SVG safi" kutoka PNG hufanya moja kati ya mawili. Wengine hufuatisha kingo za ukungu, na nukta za data zinatoka kama matone ya wino. Wengine huifunga PNG ile ile ndani ya faili la SVG. Fungua faili walilokupa kwa Notepad: ukikuta `data:image/png;base64` ikifuatiwa na herufi zisizoisha, umerudishiwa skrinishoti yako. Na anayekwambia ubadilishe tu namba ya DPI iwe 300 hajaongeza hata pikseli moja, amebadili lebo.