Nilikuwa na hisa 1, sasa ninazo 10

"Jamani, nilikuwa na hisa 1 ya Nvidia, nikaamka nazo 10. Nimetajirika? Na kampuni ikinunua hisa zake yenyewe je?"

Hujatajirika, ndugu yangu. Ijumaa tarehe 7 Juni 2024 hisa hiyo ilifunga karibu dola 1,209. Jumatatu, baada ya kila moja kugawanywa kuwa 10, ikafungua karibu dola 120. Mauzo, faida na madeni ya kampuni havikuguswa.

Kununua hisa zake ni tofauti kidogo, maana hapo pesa inatoka. Chukua kampuni yenye hisa 100 na thamani ya shilingi 10,000, ambazo 2,000 kati yake ni pesa taslimu. Kila hisa ni shilingi 100. Ikinunua hisa 20 kwa bei hiyo, zinabaki 80 na thamani ya 8,000. Hisa yako bado ni 100. Cha kuangalia ni bei waliyolipa: wakinunua kwa 125 watapata hisa 16 tu, na zako zilizobaki zitashuka hadi kama 95. Aliyeuza ndiye aliyefaidi.

"Lakini kaka, mbona bei ya Nvidia ilipanda tangazo lilipotoka? Basi mgawanyo unaongeza thamani."

Kupanda ilipanda, ila tangazo lilitoka siku moja na matokeo mazuri ya robo mwaka, Mei 22. Ni kipi kilichoisukuma zaidi, hapo watu bado wanabishana.

"Mimi nasubiri gawio langu, linaingia lini?"

Hilo ni jambo jingine, dada. Muulize dalali wako.