Aplikesheni ya benki imegoma kufunguka? Tazama kufuli kabla ya kulaumu benki

Simu ya mtumba uliyochukua karibu na Soko Kuu Arusha inafanya kila kitu vizuri: WhatsApp, kamera, intaneti. Ukigusa aplikesheni ya benki, inakuambia kifaa si salama kisha inajifunga. Kuifuta na kuipakua upya ni kupoteza bando tu, maana kinachokataliwa ni simu yenyewe.

Ukaguzi uko wa aina mbili. Kwanza aplikesheni hujitafutia alama za simu iliyorutiwa, yaani iliyofunguliwa ili mtumiaji awe na mamlaka yote juu ya mfumo, kama faili la `su` au programu ya kuruti iitwayo Magisk. Pili, huiuliza Google kupitia Play Integrity kama simu bado iko kama ilivyotoka kiwandani. Jibu huja kwa ngazi tatu, na kila benki huamua yenyewe idai ngazi ipi. Ndiyo maana simu hiyohiyo hukubaliwa na benki moja na kukataliwa na nyingine.

Anza na jambo rahisi. Zima Developer options na USB debugging, washa simu upya, ujaribu tena. Kuna benki zinazokataa kwa sababu hiyo peke yake. Ikigoma bado, ingia Play Store, Settings, About, usome Play Protect certification. Ukikuta simu haijathibitishwa, umepata jibu. Ukikuta imethibitishwa, usishangilie bado, kwa sababu kufuli la Bootloader linaweza kuwa wazi.

Kufuli hilo huzuia simu kuwasha mfumo ambao haukusainiwa na kiwanda. Anayeruti simu, au anayebadilisha ROM, yaani mfumo mzima wa simu, kwa kawaida hulifungua kwanza. Tuchukue Redmi, kwa kuwa zimejaa sokoni: ikiwaka na picha ya kufuli lililofunguka, basi liko wazi. Kuhakikisha, izime, bonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti mpaka itokee FASTBOOT, uiunganishe na kompyuta yenye zana za adb na fastboot:

```
fastboot getvar unlocked
```

Ikijibu `unlocked: yes`, ugonjwa ni huo.

Fundi anaweza kukwambia ataificha ruti. Inawezekana, ila ni dawa ya siku chache. Hali ya kufuli husainiwa na ufunguo uliomo ndani ya chipu, ambao programu ya kawaida haiwezi kuugushi. Wanaoficha hutumia funguo zilizovuja za simu nyingine, na Google huzifuta kila inapozigundua. Tangu Mei 2025 ukaguzi wa simu za Android 13 na kuendelea umezidi kutegemea chipu. Hela yako ya ada ya watoto isitegemee ufunguo wa kuazima.

Dawa yenyewe ni kurudisha ROM halisi na kulifunga kufuli, na hapa ndipo simu nyingi huharibikia. Redmi iliyotengenezwa kwa soko la China, kisha ikawekewa ROM ya Global ili iwe na lugha na huduma za Google, ukiifunga kufuli hukwama kwenye maandishi kwamba mfumo huo hauwezi kutumika kwenye kifaa hicho. Kabla ya kugusa chochote, simu ikiwa imewaka na USB debugging imewashwa kwa muda, uliza:

```
adb shell getprop ro.boot.hwc
```

Ikijibu `CN`, usiifunge ikiwa na ROM ya Global. Irudishie ROM ya China au iache wazi. Ikiwa ni ya soko la Global, pakua ROM ya aina ya fastboot ya modeli hiyohiyo na eneo hilohilo, isiyo ya zamani kuliko iliyomo, kwa sababu kurudi nyuma kunaweza kuiua simu. Faili ni gigabaiti kadhaa, tafuta waifai.

Hamisha picha na chati, maana kila kitu kitafutika. Toa akaunti ya Mi na ya Google, la sivyo simu itakudai nywila baadaye. Ukifungua MiFlash, programu ya kompyuta ya kuwekea ROM kwenye Redmi, tazama chini: chaguo lililowekwa tayari huwa `clean all and lock`. Libadilishe liwe `clean all`. Iflashi, iache iwake mpaka mwisho, uone kwamba inafanya kazi. Ndipo urudie kwa `clean all and lock`. Ukifunga kwa pupa ROM ikiwa na kasoro, huna tena mlango rahisi wa kuirekebisha.

Samsung ni habari nyingine. Ikishaungua fyuzi ya Knox, mfumo wake wa usalama, na kusomeka `0x1`, hairudi hata ukirudisha ROM ya kiwandani. Huduma zinazotegemea Knox, kama Secure Folder, hazitafanya kazi tena.

Wakati unasubiri, pesa yako haijafungiwa. Menyu za `*150*03#` za CRDB na `*150*66#` za NMB hupita kwenye laini, hazikagui mfumo wa simu. Na kabla ya kulipia simu nyingine ya mtumba, mwombe muuzaji aizime na kuiwasha mbele yako, utazame kama picha ya kufuli lililofunguka itatokea.