Unashinda Dukani Bila Kujilipa: Faida ya Daftarini Ni Malipo ya Nini?

Mwenye duka anayefungua mwenyewe, akauza mwenyewe na kufunga mwenyewe, akifunga hesabu za mwezi huona faida kubwa kuliko ya jirani aliyeajiri. Hesabu yake haina kosa. Ila ndani ya tarakimu hiyo moja mna vitu vitatu vilivyochanganyika: malipo ya kazi yake, malipo ya mali yake, na faida ya biashara yenyewe, kama ipo. Mhasibu huandika gharama iliyolipwa au inayodaiwa. Mshahara ambao hukujilipa haumo katika daftari lake, na kinachobaki mauzo yakishatolewa gharama alizoandika ndiyo faida ya kihasibu. Faida ya kiuchumi hupatikana ukishaondoa pia thamani ya ulichokiacha ili uwe dukani, yaani gharama ya fursa.

Tuchukue duka moja la mfano, hesabu za mwezi mmoja, kwa fedha yoyote ile. Mauzo ni 6,000,000. Bidhaa zilizouzwa zilinunuliwa kwa 4,800,000, kwa hiyo faida ghafi ni 1,200,000. Umeme, usafiri wa mizigo, mifuko, leseni na kodi, riba ya mkopo mdogo na uchakavu wa vifaa vinafika 350,000. Faida ya kihasibu ni 850,000.

Kabla ya kwenda mbele, hakikisha hiyo 850,000 ni ya kweli. Gharama ya bidhaa zilizouzwa hupatikana kwa kuchukua bidhaa zilizokuwapo mwanzo wa mwezi, ukajumlisha ulizonunua, ukatoa zilizobaki mwisho wa mwezi, zote kwa bei ya kununulia. Ulichobeba kwenda nyumbani bila kuandika kitahesabika kana kwamba kimeuzwa bure. Kama mwezi huo vilikwenda nyumbani vitu vya 70,000, daftari litakuonyesha faida ya 780,000, nawe utaanza kutafuta mwizi ambaye hayupo. Viandike kwa bei ya kununulia kama matumizi yako binafsi. Vivyo hivyo pesa unazochota kwenye droo: si gharama za duka, ni faida unayoitumia, hata kama umezoea kuziita mshahara.

Sasa tuondoe malipo ya mali. Tuseme chumba cha duka ni chako, na mpangaji angekilipia 150,000 kwa mwezi. Ondoa hiyo. Kisha mtaji. Hesabu bidhaa zilizomo kwa bei ya kununulia, 5,400,000. Fedha ya mzunguko 400,000. Na rafu, friji na mizani kwa bei ambayo ungeviuza leo, tuseme 1,000,000. Bei uliyonunulia friji miaka mitano iliyopita haina kazi hapa, kwa sababu fedha hiyo hairudi hata ukifunga duka. Jumla ni 6,800,000. Toa deni la mkopo lililobaki, 2,000,000, maana riba yake tayari imo kwenye gharama na ukiihesabu tena utakuwa umeitoa mara mbili. Mtaji wako mwenyewe ni 4,800,000. Kama ungeuweka mahali ukazaa asilimia 10 kwa mwaka, ungepata 480,000, sawa na 40,000 kwa mwezi.

850,000 ukitoa 150,000 na 40,000 zinabaki 660,000. Hii ndiyo tarakimu ninayoiona kuwa na maana kuliko zote katika hesabu hii, kwa sababu ndiyo duka linayokulipa kwa jasho lako. Mengine yote ungeyapata hata ukiwa umelala.

Kazi yako ina thamani gani basi? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Tuseme ungepata ajira ambayo, baada ya makato na nauli, ingekuachia 520,000 kwa mwezi kwa saa 45 za kazi kwa wiki. Iwe ajira unayoweza kuipata kweli, kwa ujuzi ulio nao leo. Mshahara wa rafiki yako aliyesomea jambo jingine haukuhusu. 660,000 ukitoa 520,000 zinabaki 140,000, na mtu angesema duka lina faida ya kiuchumi ya 140,000. Lakini ajira ni saa 45 kwa wiki. Dukani, ukihesabu na safari za kununua mizigo na muda wa kuandika hesabu, ni saa 78 kwa wiki. Kwa mwezi hiyo ni saa 195 dhidi ya 338.

Mwingine atafanya kinyume. Atagawa 520,000 kwa saa 195, apate karibu 2,667 kwa saa, azidishe kwa saa 338 na kusema kazi yako ina thamani ya takriban 901,000, kwa hiyo duka lina hasara ya kiuchumi ya 241,000. Hesabu hii nayo imepotoka, kwa sababu inadhani mwajiri angenunua saa zako zote 338 kwa bei ileile. Aghalabu hanunui. Angenunua 195, nyingine zingebaki nyumbani kwako.

Njia iliyo sawa ni kuuliza hivi: ukichagua duka badala ya ajira, unapata 140,000 zaidi na unafanya kazi saa 143 zaidi. Ni karibu 979 kwa kila saa ya ziada. Je, wewe mwenyewe ungekubali kufanya kazi kwa malipo hayo, jioni na siku za mapumziko? Anayeweza kufanya kibarua cha jioni cha 1,500 kwa saa yuko katika hasara ya kiuchumi. Asiye na kibarua, na ambaye anaona saa ya kupumzika au ya kukaa na watoto haizidi 979 kwake, yuko katika faida. Duka ni lilelile na daftari ni lilelile, ila jibu limebadilika kwa sababu gharama ya fursa ni ya mtu. Na kama ajira yenyewe si ya uhakika, ipunguze: ukikadiria ungekaa miezi mitatu ya mwaka bila kazi, 520,000 inakuwa 390,000 kwa wastani wa mwezi.

Hasara ya kiuchumi pekee si amri ya kufunga duka. Inakuonya kwamba unalipwa kidogo kuliko ambavyo ungelipwa kwingine. Nayo faida ya kiuchumi ikiwa sifuri si balaa: maana yake kila kitu chako, kazi, chumba na mtaji, kinapata kile ambacho kingepata mahali pengine.

Ukishajua malipo ya saa ya ziada, jambo la kwanza la kufanya ni kuzikagua saa zenyewe, maana hazifanani. Kwa wiki mbili andika mauzo ya kila saa. Tuseme saa mbili za kwanza asubuhi huleta mauzo ya 12,000. Usizitazame hizo 12,000. Tazama faida ghafi, ambayo kwa asilimia 20 ni 2,400. Kisha jiulize ni wangapi kati ya wanunuzi hao wangekuja baadaye siku hiyohiyo. Kama ni nusu, kufungua mapema kunakuingizia 1,200 tu kwa saa mbili, yaani 600 kwa saa. Ukiziacha saa hizo siku 26 za mwezi, unapoteza 31,200 na unajirudishia saa 52. Ziada yako inashuka kutoka 140,000 hadi 108,800, lakini saa za ziada zinashuka kutoka 143 hadi 91, na kila moja sasa inakulipa karibu 1,196. Angalizo moja: mteja wa asubuhi anayekuta mlango umefungwa mara tatu anaweza kuhamisha manunuzi yake yote. Jaribu kwa mwezi mmoja huku ukiangalia mauzo ya siku nzima kabla ya kuamua moja kwa moja.

Swali la pili linahitaji mshahara wa aina nyingine. Ukitaka kufungua tawi, au kuuza duka, usitumie kile ambacho wewe ungepata kwingine. Tumia gharama ya kuwalipa watu watakaosimama mahali pako. Saa 338 ni kazi ya watu wawili. Tuseme kila mmoja anakugharimu 280,000 pamoja na michango ya mwajiri, jumla 560,000. Ongeza upotevu, kwa sababu macho ya mwenye mali hayapo tena: hata asilimia 1 ya mauzo ni 60,000. Tawi litakalouza sawasawa na duka la kwanza litaanza na 850,000. Toa pango halisi la 150,000, toa mishahara na upotevu, zinabaki 80,000, na mtaji bado haujapata chake. Mauzo yakishuka kwa asilimia 10 tu, faida ghafi inapungua kwa 120,000, na hata ukipunguza gharama kidogo za usafiri, tawi limeingia hasara. Hii ndiyo sababu duka la kwanza linastawi na la pili, lenye bidhaa na bei zilezile, linakula mtaji. La kwanza lilikuwa likibebwa na mfanyakazi asiyelipwa.

Kosa hilohilo huanzia kwenye bei. Mwenye duka hupunguza bei akiona bado anabakiwa na kitu, kumbe anagawa mshahara wake kwa wateja. Kwa mauzo yaleyale, kushusha bei zote kwa asilimia 2 kunaondoa 120,000 kwa mwezi. Karibu ziada yote ya 140,000 imekwenda, na daftari bado linaonyesha faida ya 730,000.

Hesabu hizi ziandike kwenye ukurasa wake, mbali na vitabu vya kodi. Katika nchi nyingi mwenye biashara binafsi haruhusiwi kutoa mshahara wake kama gharama: anatozwa kodi juu ya faida nzima, awe amejichotea au hapana. Biashara ikiwa kampuni iliyosajiliwa, mshahara anaolipwa mwenye kampuni kwa kazi yake huingia kama gharama, na faida ya kihasibu hushuka siku hiyohiyo bila chochote kubadilika dukani. Kwa hiyo ukilinganisha duka lako na la mwingine, uliza kwanza kama tarakimu yake ni kabla au baada ya mwenyewe kulipwa.

Ndugu wanaosaidia bila malipo waingie katika ukurasa huo pia, kwa saa zao na kwa kile ambacho wao wangepata kwingine. Mwana aliyemaliza shule akapata kazi mjini ataondoka, na saa zake itabidi uzinunue kwa fedha taslimu.