Ukuta mrefu wa matofali bila marudio yanayoonekana

Ukuta wa ua usiopigwa plasta umejaa Unguja, na wateja wanaotaka picha za nyumba zao kabla hazijajengwa huutaka uonekane hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba kwenye kompyuta tunatumia kigae kimoja cha picha na kukirudia. Tofali moja lenye doa likichomoza kila baada ya mita mbili, mtazamaji haangalii nyumba tena, anahesabu madoa.

Nichukue ukuta wa mita 20, kimo mita 3. Tofali la saruji la sentimita 45 kwa 22.5, ukiongeza sentimita 1 ya udongo wa kujengea, linashika sentimita 46 kwa 23.5. Kigae changu huwa na tofali 4 kwa upana na kozi 8 kwa kimo. Kozi lazima ziwe namba shufwa, maana tofali hupishana nusu kwa nusu. Ukiweka 7, kozi ya juu na ya chini hazitapishana vigae vikikutana. Kwa picha ya pikseli 2048 kwa 2048, kila tofali linapata 512 kwa 256 kamili.

Piga picha siku ya mawingu, uinyooshe, kisha ukate katikati ya mistari ya udongo. Hapo kozi moja itaanza na tofali zima na inayofuata itaanza na nusu. Kwenye GIMP fungua `Layer > Transform > Offset`, sogeza nusu ya upana, na mshono utakuja katikati. Utaona matofali manne yaliyounganishwa kutoka nusu mbili zisizojuana. Wengi huyapaka kwa brashi ya kunakili mpaka yanakuwa ukungu. Mimi huyatoa kabisa na kuweka matofali mazima kutoka sehemu ya picha iliyobaki nje ya mkato. Kwenye kozi nyingine mshono unapita juu ya udongo, kwa hiyo marekebisho ni madogo. Wakati huohuo toa kila tofali linalojitangaza: lililomeguka, jeusi kupita wenzake, lenye mchirizi wa rangi. Kigae kizuri kinachosha kukitazama. Uhai utaletwa na maski.

Maski ya kwanza inachanganya matofali. Kigae kilekile nakiita mara mbili, cha pili nikikisogeza 0.5 kwa upana na 0.25 kwa kimo, yaani tofali 2 na kozi 2. Mistari ya udongo inabaki mahali pake, lakini matofali yamebadilishana nafasi. Maski nyeusi na nyeupe ndiyo inayoamua tofali lipi litoke nakala ipi. Naichora tofali 11 kwa kozi 14, nikifuata mpishano uleule. Namba 11 ina sababu: 4 na 11 hazikutani mpaka tofali la 44, sawa na mita 20.24, kwa hiyo ukuta wetu unakwisha kabla mpangilio haujarudi. Kwa kimo, kozi 14 zinazidi mita 3. Kwenye nodi ya `Mapping` ya Blender, maski inapata:

```
Scale X = 4/11 = 0.3636
Scale Y = 8/14 = 0.5714
```

Weka `Closest` na `Non-Color` kwenye picha ya maski. Ukingo ukilainika, tofali moja litaonesha nyuso mbili kwa wakati mmoja kama kivuli. Na maski hiyohiyo iongoze pia ramani ya `Normal` na ya `Roughness`, la sivyo mashimo ya tofali hili yatakaa juu ya rangi ya lile.

Kwa karibu hiyo inatosha. Ukisogea mbali, tofali mojamoja halionekani tena na ukuta unakuwa bapa la kijivu, kwa hiyo inahitajika maski ya pili, pana, moja kwa ukuta wote, isiyorudiwa. Hii siichori kwa kubahatisha. Kuta zetu zina tabia zake: chini, unyevu unapanda na kuacha weupe wa chumvi; juu, pasipokuwa na kofia ya zege, mvua za masika huacha michirizi myeusi ya kuvu. Pikseli 1024 kwa upana zinatosha kwa sababu kila kitu ndani yake ni laini. Naichanganya kwa `Multiply` yenye nguvu ya 0.2 au 0.3, lakini weupe wa chumvi unahitaji safu yake ya kung'arisha, kwani `Multiply` hutia giza tu.

Njia hii ni ya ukuta wenye gridi. Kuta za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe hazina kozi za kufuata, na hapo maski ya kwanza haina pa kushika.

Kupima, punguza picha ya mwisho mpaka upana wa pikseli 300 hivi. Doa likionekana kwa hatua zilizo sawa, usiongeze nguvu ya maski. Rudi kwenye kigae ulitafute tofali hilo, ulitoe.