Simu ya shangazi haiiti, lakini kupiga anapiga

Mwezi uliopita shangazi yangu, anayeuza khanga hapa Tanga, aliniambia, "Mwanangu, simu yangu imelogwa." Kupiga alikuwa anapiga bila shida. Ila wateja wakimpigia, simu haiiti hata mara moja, wanakutana na sauti inayowaambia waache ujumbe.

Nilianza na Usinisumbue, kwa kuwa mimi mwenyewe ilishanitesa. Ilikuwa imezimwa, na hata ingewashwa isingetuletea balaa lile: kwenye Android huzima mlio tu, anayepiga bado husikia simu ikiita. Wenye iPhone ndio waitazame kwanza, maana huko simu huweza kwenda moja kwa moja kwenye ujumbe wa sauti. Watazame pia Silence Unknown Callers, ambayo hunyamazisha namba usizozihifadhi. Kwa mfanyabiashara hao ndio wateja wapya wote.

Nikatoa laini yake nikaiweka kwenye simu yangu. Hali ikawa ileile. Hapo nikajua simu yake haina kosa, nikashuku wanaopiga wanaelekezwa kwingine. Agizo la kuelekeza simu kwingine hukaa kwenye mitambo ya mtandao, na mtandao hugeuza njia kabla simu yako haijapata habari. Ndiyo maana kuzima na kuwasha hakusaidii, na ndiyo maana kupiga hakuguswi.

Nikabonyeza hii, kama unavyopiga namba ya kawaida:

```
*#21#
```

Jibu likaonyesha simu zake zote zinaelekezwa kwenye namba asiyoijua. Nikamuuliza kama kuna mtu alimwagiza abonyeze kitu. Kumbe kuna kijana alijitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, akamsomea kodi inayoanza na `**21*` ili apate "zawadi ya vifurushi". Namba ya kijana ilikuwa imezimwa, kwa hiyo wateja walikuwa wanaachia ujumbe kwenye sanduku lake!

Tukafuta kwa `##21#`, tukarudia `*#21#` kuhakikisha. Mwenye laini mbili abonyeze kwa laini yenye tatizo. Kodi zikikataliwa, wapigie mtandao wako wakufutie.

Niliangalia pia `*#62#`, ya wakati simu haipatikani. Ilionyesha namba ya ujumbe wa sauti ya mtandao wenyewe, nayo ni kawaida, nikaiacha. Kuna `##002#` inayofuta maelekezo yote, ila itaondoa na hilo sanduku lako.

Jambo moja lilinitia wasiwasi zaidi ya wateja waliopotea. WhatsApp huweza kutuma namba ya uthibitisho kwa kupiga simu, na simu za shangazi zilikuwa zinakwenda kwa yule kijana. Tulifungua akaunti yake tukakuta bado ni yake, tukaweka PIN ya hatua ya pili papo hapo. Kabla hatujamaliza, mteja wa Pangani akapiga kuulizia doti mbili.