Chumba kimya lakini sauti ina mwangwi: kurekodi simulizi kwa simu tu

"Wakuu, nasoma simulizi za video kwa simu. Chumba kimetulia kabisa lakini sauti inatoka kama nipo bafuni. Maiki sina. Nifanyeje?"

Mkuu, huo ni mwangwi. Sauti yako inaingia kwenye simu moja kwa moja, halafu nyingine inagonga kuta na sakafu na kurudi ikiwa imechelewa kidogo. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ule mlio unaobaki nyuma ya kofi ndio unaoingia kwenye rekodi. Mvumo wa feni unaweza kuupunguza baadaye kwenye kompyuta, lakini mwangwi ukishashikana na maneno kuutoa ni kazi ngumu mno.

Yalinikuta kwenye simulizi ya dakika 6 ya video ya ufugaji wa kuku. Chumba cha kupanga, sakafu ya simenti, simu nimeilaza mezani mbali kidogo. Mteja aliirudisha ile rekodi.

Cha kwanza nilisogeza simu hadi shubiri moja kutoka mdomoni, kama sentimita 20. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inapanda kwa takriban desibeli 6 huku mwangwi ukibaki ulivyo. Hakuna kilichonisaidia kuliko hicho. Ila ukiwa karibu, herufi P na B zinapuliza maiki, kwa hiyo simu ikae pembeni kidogo ya mdomo, upande wake wa chini ukikuelekea, maana kwa simu nyingi maiki iko karibu na tundu la chaji.

Kisha nikafungua kabati la nguo, nikasimama nikizitazama, simu juu ya rundo la mashuka. Nyuma yangu nilitundika kwenye kamba blanketi zito lililokunjwa mara mbili, kwa sababu sauti inayogonga ukuta wa nyuma nayo hurudi kwenye maiki. Khanga ni nyepesi, haitoshi. Trei za mayai nilishawahi kuzibandika ukutani, nikapoteza gundi bure.

Nilirekodi saa 5 usiku, simu kwenye hali ya ndegeni, feni na friji vimezimwa. (Funguo za nyumba huziweka ndani ya friji, nisisahau kuiwasha.) Chagua faili la aina ya WAV kama programu yako ya kurekodi inayo. Kabla ya kusoma kaa kimya sekunde 10. Kwenye programu ya Audacity ya kompyuta chagua hizo sekunde, fungua `Noise Reduction`, bonyeza `Get Noise Profile`, kisha chagua rekodi nzima na urudi palepale. Kiwango cha kupunguza mimi hukiweka 6 au 8 dB. Ukisikia sauti kama iko ndani ya maji, umezidisha, rudisha nyuma.

Kabla ya kusoma yote rekodi sentensi mbili, uzisikilize kwa iyafoni. Mkia wa neno la mwisho ukikatika papo hapo, endelea. Ukivutika, ongeza blanketi. Mvua ikianza kupiga bati, acha hadi ikatike.